Jicho la Shemeji na Karatasi ya Benki

Wanaonijua uzeeni hudhani nilizaliwa na hasira hizi. Si kweli. Nilipoolewa Kariakoo nilikuwa mwanamke wa kucheka, hata mama mkwe wangu alikuwa akinikanya nipunguze sauti wageni wakiwa barazani. Hasira nilizipata asubuhi moja mbele ya ghala la ufuta, na mpaka leo ninazo.

Tulikaa nyuma ya soko, upande wa kuelekea mtaa wa Gerezani, katika nyumba ambayo baba mkwe wangu, Mshihiri wa Hadhramaut aliyeanza maisha yake mjini kwa kutembeza kahawa ya dele, alimwandikia mkewe yeye mwenyewe angali hai. Mbele palikuwa na baraza, ubavuni ghala, nyuma ua wenye kisima. Nyumba ilikuwa ya mama peke yake, na sisi sote tuliishi kwake: mume wangu, mimi, na mdogo wa mume wangu, yaani shemeji yangu, mtu mzima aliyekuwa bado hajaoa. Mume wangu alikuwa ndiye mfanyabiashara. Shemeji alisimamia mizani na wachukuzi, kazi ya kutwa nzima juani, na jioni alirudi na ufuta hata masikioni.

Ufuta ulikuwa umepanda bei mwaka ule. Mume wangu akaingiwa na tamaa ya kununua wote utakaotoka Rufiji, mpaka ghala lijae juu kwenye boriti. Fedha hakuwa nazo. Akakopa kwa tajiri mmoja wa mjini, na tajiri akataka rehani, na rehani pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa nyumba ya mama.

Mama alitia dole gumba kwenye karatasi ya tajiri akiwa amekaa jikoni, anachagua mchele. Alimwambia mwanawe, "Mimi nimefiwa na mume humu, nimezalia humu. Mkinitoa humu mtanipeleka wapi?" Mume wangu akacheka, akambusu kichwani, akasema ufuta utauzwa hata wino haujakauka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kijiko mkononi. Nililiona lile dole likirudi kwenye sinia la mchele na kuacha doa la buluu, nikaogopa, na sikusema kitu kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Hapo ndipo alipotokea mnunuzi. Alisema anatoka Mombasa. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka inasimama, na alikuwa na mtu wake mmoja wa kumfuata, mnene wa shingo, asiyesema. Kabla ya kutaja biashara alikwenda msikitini na mume wangu, akasali safu ya mbele. Alimwita mume wangu "ami" ingawa walikaribiana umri. Alikula pilau yangu, akaisifia kwa sauti ili nimsikie nyuma ya pazia, nami mjinga nikafurahi.

Alitaka ufuta wote. Kampuni anayoinunulia iko ng'ambo, akasema, na kampuni hizo hazilipi papo hapo. Hulipa mwezi mmoja baada ya mzigo kuingia melini. Ila tusiwe na wasiwasi, kwa sababu benki imesimama nyuma yake. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha ikatoka barua ya dhamana: karatasi nzito, jina la benki kubwa ya mjini limechapishwa juu, namba ya dhamana, mhuri, na sahihi mbili chini. Shemeji alisoma Kiingereza shuleni, akatutafsiria. Benki inaahidi kwamba mnunuzi asipolipa, benki yenyewe itamlipa muuzaji fedha yote, mradi muuzaji adai kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa.

"Sahihi hii ya kwanza," mgeni akasema, akiigusa kwa kidole, "ni ya Mzungu rafiki yangu. Juzi tu nimekunywa naye chai ofisini kwake."

Shemeji akasema, "Kaka, tungewauliza wenyewe benki kwanza."

Mume wangu alikunja uso, lakini mgeni hakuudhika hata kidogo. Alitabasamu. "Ni haki yenu, ami. Andikeni swali lenu, mtu wangu alipeleke sasa hivi. Kwa nini mjisumbue kwenda mjini kwenye jua hili?" Shemeji akaandika barua fupi ya kuuliza kama dhamana ni ya kweli. Yule mnene wa shingo akaichukua, akaondoka, na sisi tukaendelea kunywa kahawa. Alirudi na jibu kwenye bahasha ya benki ileile, na mhuri uleule: dhamana ni ya kweli, na benki inaitambua.

Mgeni akainua mikono kabla ya mtu yeyote. "Basi tusome Fatiha."

Wakasoma. Mimi nyuma ya pazia nilisoma pia, na mama alisoma akiwa jikoni. Asiyekulia kwetu hatajua uzito wa jambo hilo. Biashara ikishasomewa Fatiha imefungwa. Kuuliza tena baada ya hapo ni kumwambia mwenzako, mbele ya Mungu, kwamba wewe ni mwongo, na nimeona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu mpaka kaburini kwa kosa hilo. Mgeni wetu alilijua hilo vizuri kuliko sisi, ndiyo maana mikono yake ilitangulia.

Jioni ile shemeji alikuja uani nilipokuwa nakuna nazi. Akachutama, akaokota kijiti, akawa anachora mchanga.

"Shemeji," akaniambia, "swali letu alilibeba yeye, na jibu akalileta yeye. Sasa sisi benki tumezungumza nayo wapi?"

"Mwambie kaka yako."

"Nimemwambia. Amesema Fatiha imeshasomwa."

Alikuwa na macho mazuri yule mtu, ya mama yake. Nataka hilo lijulikane.

Asubuhi malori mawili yakaja, yakaegeshwa ubavuni mwa ghala na kuziba njia. Mgeni alikuwepo, na mtu wake, na madereva wao. Wachukuzi wakavua mashati. Shemeji akaenda akakalia mizani, sahani ile kubwa ya chuma ambapo magunia hupimwa, akafumbata mikono.

"Inuka," mume wangu akamwambia.

"Nitainuka, kaka. Nipe karatasi niende nayo benki mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Nikirudi nitapima mpaka gunia la mwisho, na nitamwomba radhi mgeni hapahapa mbele za watu."

Nilikuwa dirishani. Nilimwona mgeni akishusha pumzi kwa masikitiko, mtu aliyeumizwa. "Ami," akasema, "sikujua kwamba nyumba hii ina wenyewe wawili. Kama neno lako halitoshi, nitanunua kwa mwingine."

Hayo ndiyo yaliyomwingia mume wangu. Kama angeambiwa ni maskini, angestahimili. Lakini kuambiwa mbele ya wachukuzi kwamba hana neno nyumbani kwake, hapana. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlango wa ghala kwa utaratibu kabisa, kisha akachukua bakora yake ya mtobwe, yenye ncha ya chuma, akampiga mdogo wake begani.

Shemeji hakuinuka. Akapigwa tena, mgongoni, kwenye shingo, kwenye mkono aliouinua kujikinga, na nilisikia mfupa wa kiganja ukivunjika. Mchukuzi mmoja alisema, "Mwenyewe, basi," akasukumwa na dereva. Shemeji alipojaribu kuikamata bakora, yule mnene wa shingo alimjia kwa nyuma akamfunga mikono yote miwili, akamwinua kutoka mizanini kama gunia, akamshikilia kifua wazi. Alikuwa akimshikilia ili apigwe. Na mume wangu akampiga. Alimpiga tumboni, akampiga mdomoni meno yakatoka na damu, na kila akipiga alisema "utaniaibisha," "utaniaibisha," kwa sauti ya chini ambayo hata mimi mkewe sikuijua. Shemeji akageuza uso kukwepa. Ncha ya bakora ikaingia jichoni.

Kelele aliyoitoa sijui kuiandika. Nakumbuka yule mnene alimwachia mara moja, akafuta mikono yake kwenye shati, na shemeji akaanguka magotini, akashika uso, na kitu kikamtoka kati ya vidole ambacho hakikuwa damu.

Mama alitoka uani bila ushungi. Alikaa chini kwenye matope, akakiweka kichwa cha mwanawe mapajani, akakifunga kwa kanga. Hakuuliza nani aliyefanya; alidhani ni ajali ya gunia au kulabu, mambo ya ghalani. Alikuwa akisema tu, "Mwanangu, tulia, mwanangu, tulia." Majirani wakaleta rukwama, wakamlaza, wakaisukuma mbio kuelekea hospitali, na mama akikimbia pembeni ameshika mguu wake.

Mume wangu alisimama anahema. Aliitazama ncha ya bakora, akaisugua kwenye gunia tupu. Halafu akawageukia wachukuzi akasema, "Pakieni."

Kwa neno hilo ndipo nilipobadilika. Kupiga, nilishaona watu wakipigana. Lakini ndugu yake amepelekwa hospitali kwa rukwama na yeye anasema pakieni. Nilimchukia pale pale, kwa moyo wote, na chuki ile ilinipa akili safi ambayo sikuwahi kuwa nayo. Koti lake lilikuwa bado kwenye msumari. Nilivaa buibui langu, nikapita mlango wa ghala kama ninayewafuata wa hospitali, nikatia mkono kwenye mfuko wa ndani, nikaitoa ile barua. Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wakipakia.

Nilikwenda kwa miguu, nikakata Mnazi Mmoja, nikaingia mjini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na buibui lilikuwa zito kwa matope chini. Sikuwahi kuingia benki. Mjini kwenyewe nilikuwa nikienda sikukuu tu, na mume, kununua kitambaa. Njiani nilikuwa nikijisemea maneno ya kusema, na yote yalinipotea nilipoiona ile milango.

Askari wa mlangoni aliniambia wanawake waombao sadaka husubiri nje. Nikamwambia, "Sina shida ya sadaka. Nina karatasi yenu." Nikampita.

Karani wa kaunta alikuwa Mgoa wa miwani. Alisema habari za wateja wa benki haziambiwi mtu wa nje, na kama mume wangu ana swali basi aje mume wangu. Nikaiweka barua kwenye kaunta, nikaikandamiza kwa kiganja, nikamwambia, "Mimi sikuulizi habari za mteja. Hapa mmeandika kwamba mtatulipa sisi. Jina hili ni la mume wangu. Nataka mniambie kama ni nyinyi mlioandika au si nyinyi. Malori yanapakia sasa hivi, na mtu ameshatolewa jicho." Nadhani aliona kiganja changu kimeacha damu kwenye kaunta, sijui ilinigusa wapi. Aliisoma barua. Akabadilika uso, akaniomba nisubiri, na safari hii akaniita mama.

Alitoka mkubwa wake, Mzungu mwenye nywele nyekundu aliyejua Kiswahili cha bara. Alifanya kazi yake nikimtazama. Kwanza alifungua kitabu ambamo kila dhamana inayotolewa na benki huandikwa kwa namba, akatafuta namba iliyo kwenye barua yetu. Haikuwamo, hesabu yao ilikuwa haijafika huko. Kisha akaleta kitabu kingine chenye sahihi za wakubwa wote wanaoruhusiwa kutia sahihi, akaziweka zetu pembeni. Ya pili ilikuwa imeigwa, na vibaya. Ya kwanza ilikuwa imeigwa vizuri sana.

"Lakini huyu bwana," akasema, akiigusa mahali palepale alipoigusa mgeni wetu, "amestaafu. Amerudi kwao Uingereza tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Barua hii ina tarehe ya mwezi huu."

Nikamwambia tuliuliza, na jibu lililetwa kwa mhuri. Akaniuliza nani aliyelileta. Nilipomjibu, aliweka kalamu chini. "Mama, karatasi kama hii usimpe aliyeileta akuulizie. Njoo mwenyewe, au mtume mtu wako, au benki yako ituulize. Tungewajibu siku hiyohiyo. Swali lenu halikufika hapa."

Siku hiyohiyo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti walichonipa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maharage, na jambo lote lilikuwa limekwisha kujulikana.

Akasema barua itabaki pale kwa ajili ya polisi, akanyanyua simu kuwapigia, akaniambia ningoje. Sikungoja. Kwa hiyo nilirudi mikono mitupu, sina karatasi wala mhuri wala mtu wa kunishuhudia, nina maneno tu. Nilisimamisha teksi, mara yangu ya kwanza kupanda peke yangu, nikamwambia dereva nitamlipa nyumbani na kama hataki basi anishushe kwa nguvu. Akaendesha.

Lori la kwanza lilikuwa limeshajaa, linanguruma, dereva mlangoni. La pili lilikuwa limebakiza magunia machache. Nilishuka, nikaenda nikasimama mbele ya lori la kwanza, mgongo kwenye chuma chake cha moto.

"Karatasi ni ya uongo," nikasema. "Nimetoka benki."

Mgeni hakubabaika hata kidogo. Alimtazama mume wangu kwa huruma. "Ami, ndugu yako, sasa mkeo. Pole sana."

Mume wangu alinijia na bakora ileile. Nilimwona anakuja na sikuondoka. Alinipiga hapa, kati ya shingo na bega, na mkono huu wa kushoto mpaka leo hauinuki kupita bega. Nilianguka kwenye gurudumu. Akainua tena. Nikamwambia kutoka chini, "Mzungu mwenye sahihi ya kwanza amerudi kwao kabla ya Ramadhani. Muulize mgeni wako, hiyo chai ya juzi alikunywa na nani?"

Bakora ilibaki juu. Nilimwona akihesabu miezi kichwani. Si mimi aliyeniamini, nalijua hilo. Aliiamini ile chai, kwa kuwa aliisikia kwa masikio yake mwenyewe. Akageuka polepole.

"Ulikunywa naye lini?" akauliza.

Mgeni akalitazama lori, akaitazama njia. Akarudi nyuma hatua moja, kisha akakimbia.

Hakufika mbali. Wachukuzi walikuwa wamemeza mengi asubuhi ile. Walimpenda shemeji, aliwapimia kwa haki na kuwakopesha sigara, na walikuwa wamelazimishwa kupakia juu ya damu yake. Wa kwanza alimtega mguu, wa pili akamtupia kulabu ya magunia ikamnasa bega, akavutwa nayo akirudi kinyumenyume huku kanzu inageuka nyekundu. Wakampiga kwa ngumi, kwa miguu, kwa mbao za bodi ya lori. Yule mnene alichomoa kisu, akamkata mmoja mkono, akachana pia magunia mawili alipokuwa akikizungusha, na ufuta ukamwagika njiani kama maji, watu wakawa wanateleza na kuanguka na kupigana wakiwa chini. Walimwangusha naye. Mtu mmoja alimkanyaga mkono wenye kisu mpaka vidole vikafunguka, halafu akaendelea kumkanyaga. Watu wa sokoni wakaja mbio, wengine hata hawajui kisa, kila mmoja anataka pigo lake.

Nami nilitaka langu. Niliinuka, nikavua kiatu, nikapita katikati ya wanaume na buibui limenitoka kichwani, nikampiga mgeni usoni, kwenye ule mdomo uliosifia pilau yangu. Nilimpiga mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Sijutii. Nikiwa mzee hivi naweza kusali rakaa zote na bado nikafurahia pigo lile.

Polisi wakafika kwa gari, wakawatoa mgeni na mtu wake wakiwa hai, kwa shida. Madereva walitoroka kwa miguu na malori yakabaki. Baadaye tulisikia maghala ya wengine yalishamalizwa kwa mtindo uleule, huko Tanga, na kwamba karatasi walichapiwa na mtu wa kiwanda cha chapa aliyewaigia hata mihuri. Walifungwa. Ufuta wetu ulirudi ghalani, ukasombwa hata ule wa njiani, ukapepetwa mchanga na damu, na ndani ya juma lile ukauzwa kwa mnunuzi mwingine aliyelipa taslimu. Tajiri akalipwa, akarudisha hati ya nyumba. Nyumba ilipona.

Mama alirudi kutoka hospitali alasiri ileile, peke yake. Kanga aliyomfungia ilikuwa mkononi mwake, imekauka damu ikawa ngumu. Tulikuwa barazani, mume wangu na mimi, hatuzungumzi, na majirani wamejaa. Mama akasema, "Jicho wamelitoa. Wamesema lilishapasuka kwa kupigwa." Akakaa. Halafu akauliza, "Ni nani aliyempiga?"

Majirani wakatazama chini. Ningeweza kusema mimi. Nilikuwa na bega limevimba na kinywa kimejaa majibu. Lakini nilitaka aseme mwenyewe, nikamtazama mpaka akasema.

"Ni mimi, mama."

Mama aliiweka chini ile kanga. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na godoro letu amelikumbatia, kikongwe kile, akalitupa barazani. "Toka nyumbani kwangu."

"Mama, nyumba imepona. Hati imerudi."

"Nimesikia. Toka ndani yake."

Aliponiangalia nilidhani nami nitaambiwa niondoke, maana mke huenda anakokwenda mume. Akasema, "Wewe baki, mwanangu. Bega hilo linataka kukandwa." Na mume wangu akajitwika godoro, akaondoka mbele ya watu wote, akapanga chumba Mchikichini. Sikumfuata. Ndugu zake walisema mengi juu yangu, na ndugu zangu pia, nami nikawajibu yote.

Shemeji alirudi nyumbani amefungwa kitambaa. Alijifunza upya kumimina kahawa. Alikuwa akimimina pembeni ya kikombe, nasi tunajifanya hatuoni. Kaka yake alikuja kila Ijumaa, akasimama nje ya baraza baada ya sala, hakanyagi ngazi. Mama hatoki. Mimi nilimjibu salamu dirishani na kufunga dirisha. Ikawa hivyo mpaka mvua zikaisha na bonde la Jangwani likakauka.

Ijumaa moja shemeji alitoka mwenyewe. Nilikuwa dirishani. Kaka yake alikuwa amekonda, koti linamning'inia, na hakuwa na bakora. Alishaacha kutembea nayo. Akaanza, "Mdogo wangu, nimekuja kukuomba..." na shemeji akamkatiza kwa kuushika mkono wake. Akafungua kile kitambaa. Akakichukua kidole cha kaka yake, akakipeleka taratibu mpaka ndani ya lile shimo, akakishikilia humo.

"Gusa," akasema. "Mpaka mwisho."

Mume wangu alilia bila sauti, machozi yanamwingia ndevuni, na hakuuondoa mkono, au alijaribu akazuiwa, sikuona vizuri kwa kuwa nami nilikuwa nalia. Walisimama vile mbele ya watu wanaotoka msikitini, mpaka shemeji alipoona inatosha, akakitoa kidole, akajifunga tena kitambaa chake.

"Sasa ingia," akamwambia. "Chakula kinapoa."

Nikaenda jikoni kumpakulia.